Isale hubebwa na mkosaji

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Moshi mbele ya viongozi wa vikundi vya kufa na kuzikana. Nimeyaandika upya kwa kuwa kadhaa waliniomba. Vicheko na maswali ya katikati nimeviacha.

Ndugu zangu, mama zangu, baba zangu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenipa nusu saa na kunionya nisithubutu kuwafundisha namna ya kuendesha msiba. Kweli, sithubutu. Vikundi vyetu vikipata taarifa ya kifo saa kumi na moja alfajiri, saa mbili turubai limeshafungwa, viti 200 vimeshushwa, daftari la rambirambi liko mezani na mwandishi wake ana kalamu mbili. Kwa mambo ya masufuria Kilimanjaro hatuna mpinzani. Mimi nimekuja kuzungumzia ile nusu dakika tu, pale unapomshika mfiwa mkono na kufungua mdomo. Tena si kwa kila mfiwa. Nasema juu ya mfiwa ambaye marehemu alimtesa.

Naona wengine mmeangalia chini. Mnawajua. Sote tunawajua. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009, ripoti yake ikatoka 2011, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, waliumizwa mwilini kabla ya kufika miaka 18, na wengi waliumizwa na ndugu au walimu. Sasa vihesabuni vile viti 200 mnavyovikodi. Waliokalia wamo, na wakati mwingine yumo hata aliyekaa mstari wa mbele kabisa, jirani na jeneza.

Nitawapa kisa kimoja, kwa ruhusa ya mwenyewe. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili asitambulike, kwa hiyo msianze kukisia ni wa ukoo gani. Huyu ni fundi wa magari, ana gereji ndogo Arusha, umri wake ni zaidi ya miaka 40, mtoto wa tatu kati ya sita. Kwao ni Kibosho. Baba yake alipata kiharusi, akalala kitandani muda mrefu, akafariki siku ya Jumanne.

Dada yake alipompigia simu kumpa habari, yeye alikuwa chini ya Noah ya mteja anabadilisha pedi za breki. Akasema, "Sawa." Akamaliza breki. Akaijaribu gari barabarani, akachukua hela yake, akafunga. Njiani akanunua chipsi mayai, akala zote, akalala saa mbili usiku. Aliamka saa nne asubuhi. Aliniambia hajawahi kulala hivyo tangu akiwa mtoto. Na aliniambia kilichomwaibisha zaidi hakikuwa ule usingizi. Ni zile chipsi. Alisema, "Mama, nilizisikia tamu."

Akapanda Coaster akaja Moshi, akapanda Kibosho. Mimi nilikuwa pale kwa sababu marehemu alikuwa mwanachama wa kikundi chetu, na nilikuwa kwenye kundi la kupokea wafiwa. Nimekuwa muuguzi miaka 31, nimefumba macho ya watu wengi, najiona najua kusema na wafiwa. Nikamkumbatia, nikamwambia, "Mwanangu, pole sana. Jikaze. Baba ni baba. Mzee wetu amepumzika."

Akanitazama usoni, akasema polepole, "Hata mimi nimepumzika, mama."

Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Shhh! Usiseme hivyo, watu watakusikia." Miaka 31 ya uuguzi, na hicho ndicho kilichotoka.

Nimelifikiria sana jibu lile, na ninachowaletea leo kimetoka humo. Angalieni nilichomwambia. Neno la kwanza lilikuwa pole, nalo halikuwa na kosa lolote. Kiswahili kimetupa neno la ajabu. Pole na kazi, pole na safari, pole kwa kujikwaa, pole kwa mvua iliyokunyeshea. Unampa mtu pole bila kumuuliza amechoka kiasi gani, wala kumpangia ahisi nini. Aliyeumwa anaipokea, aliyechoka anaipokea, aliyekasirika naye anaipokea. Ningeishia hapo, yule kijana angenijibu "asante mama," basi. Mambo yaliharibika baada ya pole. Jikaze: nimeshaamua kwamba anataka kulia. Baba ni baba: nimeshamhukumu kabla hajasema kitu. Mzee amepumzika: nimemwonea huruma aliyepiga mbele ya aliyepigwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo. Kwa mfiwa msiyemjua undani wake, semeni pole, mtaje jina lake, mnyamaze. "Pole, kaka." Mshike mkono kwa muda, kisha mpishe anayefuata. Yale ya Bwana alitoa na Bwana ametwaa, mwachieni padre. Anayo sehemu yake kwenye ratiba.

Sasa nasikia mzee mmoja pale anamnong'oneza jirani yake, "Sote tulichapwa, mbona tumekuwa watu?" Ni swali la haki, mzee wangu, silikwepi. Mimi pia nilichapwa, na nilipochapwa nilijua nimemwaga maziwa. Nitawaambia tofauti niliyoiona kwa macho yangu palepale msibani.

Baba wa yule fundi alikuwa na desturi ya kukohoa akifika kwenye ua wa isale, yale majani tunayopanda mipakani, pale njia inapoingia kihambani, shamba la ukoo. Akikohoa mara mbili, yuko salama. Akikohoa mara moja, amekunywa. Watoto walikuwa wanasikiliza kikohozi. Kikija kimoja, mmoja anakimbilia zizini kujifanya anakata majani ya ng'ombe, mwingine anaingia jikoni kupuliza moto ambao tayari unawaka, na huyu wa tatu alikuwa hana pa kwenda, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupokea baiskeli. Baiskeli ikipokewa vibaya, kosa. Ikipokewa vizuri, kosa pia, maana "unajifanya mwema." Mkanda ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango.

Siku ya pili ya msiba tumekaa uani, watu wanakula machalari. Mzee jirani akaja kutoa pole, akapita kwenye ule ua, akakohoa. Mara moja. Kikohozi cha mzee yeyote wa mlimani, cha baridi tu. Yule fundi akasimama. Mtu mzima, ana sahani ya ndizi mkononi, amesimama wima anaangalia njiani. Halafu akatazama kushoto na kulia kuona nani amemwona, akakaa. Hakula tena.

Mtoto aliyeadhibiwa anajua kosa lake. Huyu alikuwa anajua kikohozi. Ndiyo tofauti, mzee wangu. Na mwili wa mtu uliokaa miaka ukisikiliza kikohozi, siku habari inapofika kwamba hakitakuja tena, unafanya jambo moja kabla ya mengine yote: unalala. Unapata hamu ya kula. Pengine unacheka. Sisi tunasema ana moyo mgumu, au amelaaniwa. Kumbe ni mlinzi ambaye hatimaye ameambiwa zamu imekwisha.

Ule unafuu ni wa kweli, lakini hauji peke yake. Nilipokaa naye baadaye alinieleza vizuri kuliko vitabu vyangu vya uuguzi. Alisema, "Mama, mimi si kwamba namlilia. Nalilia kwamba sasa haitatokea." Nikamuuliza nini. Akasema, kila akirudi nyumbani Krismasi alikuwa anaingia na kitu kidogo rohoni, kwamba labda mwaka huu mzee atasema. Hata neno moja. Hata "yale ya zamani, mwanangu..." na aishie hapo. Miaka zaidi ya 20 amekuwa anapanda Kibosho na kilo mbili za sukari na tumaini hilo. Mzee alipopata kiharusi akapoteza kauli, na bado kijana akawa anamtazama mdomo. Kifo kimemwondolea yule baba aliyekuwepo, sawa, lakini kimeondoka pia na yule baba aliyekuwa akimsubiri. Huyo wa pili ndiye anayelilia. Sisi tulio nje tunaona machozi tunasema, "Unaona? Alimpenda baba yake." Tukiona hacheki wala halii tunasema, "Unaona? Ana roho mbaya." Mara zote mbili tumekosea nyumba.

Na mjue kuwa ndani ya nyumba moja kunaweza kuwa na misiba miwili. Kitinda mimba wa familia ile alizaliwa mzee akiwa ameshaacha pombe na nguvu zimepungua. Huyo alibebwa mabegani kwenda kanisani Jumapili. Analia mpaka anaishiwa sauti, na analia kweli. Kaka yake amekaa kiti cha pili amekauka kama gogo, na yeye ni mkweli vilevile. Kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Hapo ndipo kamati zetu zinapoharibu, kwa sababu tunataka familia iwe na marehemu mmoja, na tunamchagua yule wa kitinda mimba.

Mnajua tunamwandika wapi? Kwenye wasifu. Usiku wa kuamkia maziko, katibu wa kamati, mtu mwema, ameandika kwa mwandiko mzuri: "Marehemu alikuwa baba mwenye upendo, aliyewalea wanawe katika maadili mema." Kila wasifu una sentensi hiyo, nadhani tunarithishana karatasi. Fundi akaomba aione. Akaisoma akiwa amesimama chini ya taa, akairudisha, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hiyo mkiisoma, mimi naondoka." Hakugomba wala hakutukana mtu.

Kamati ikagawanyika. Wengine wakasema marehemu hasemwi vibaya. Nikasema, ni sawa, asisemwe vibaya, lakini hakuna sheria inayosema tumsingizie. Tukakaa tena na karatasi. Tukaandika alizaliwa lini na wapi, alisoma wapi, alilima kahawa, alibeba mawe ya kujenga shule ya kijiji, alioa mwaka gani, aliugua lini, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Kila neno la kweli, na hakuna hata moja linalomlazimisha mtu kutikisa kichwa. Kitinda mimba akataka mapenzi yake yasikike, na ana haki. Tukampa nafasi ya kusema mwenyewe, tukamwomba kitu kimoja tu: aanze na neno "kwangu." "Kwangu mimi, baba alikuwa rafiki." Akasema hivyo, akalia, watu wakalia naye, na kaka yake akabaki kitini. Neno moja lile lilitosha kuwaweka wote wawili chini ya turubai moja. Jaribuni.

La jeneza nitalipitia haraka. Wakati wa kuaga mwili, msimsukume mtu, na msimzuie pia. Wapo wasiotaka kuona ile sura tena. Wapo wanaotaka sana kuiona, ili wawe na hakika. Mwulizeni mapema, faragha, mchana wa siku iliyotangulia, na siyo pale foleni imeshaanza huku mshereheshaji anataja majina kwa kipaza sauti. "Utapita, au utakaa? Ukikaa nitakaa na wewe." Vivyo hivyo udongo na shada. Mpeni mtu mmoja wa kusimama naye, asiye ndugu, mwenye ruhusa ya kumtoa nje kidogo bila kuulizwa maswali. Yule fundi alipita, akatazama kwa muda mrefu kuliko wote, akaendelea. Shada hakuweka. Mkewe aliweka.

Na msimpe salamu za shukrani kwa niaba ya familia eti kwa kuwa ana sauti nzuri.

Sasa, mtu kama huyu akikufungukia, akakwambia "nimefurahi amekufa," ufanyeje? Kwanza, usishtuke usoni. Mimi nilishtuka, na alinyamaza wiki tatu. Mwambie, "Nimekusikia." Au, "Ulibeba kwa muda mrefu." Halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuwasha. Usimchimbe akupe habari zaidi. Akitaka kusema atasema, na kama yaliyomkuta ni ya aibu ya mwili, yale ambayo hata mke hajaambiwa, udadisi wako utamfunga mdomo kwa miaka mingine kumi. Na jambo ambalo watu wanalisahau: usimsaidie kumtukana baba yake. Ataweza kusema mzee alikuwa shetani, na kesho yake akamkumbuka alivyomfundisha kufunga mnyororo wa baiskeli. Ukiwa umeshamtukana jana, leo hataweza kukuletea hilo la mnyororo.

Kama uko mbali, ujumbe wa simu ukiandikwa vizuri unafanya kazi. Rafiki yake mmoja wa gereji alimtumia huu, na alinionyesha: "Pole kaka. Nimesikia habari za mzee. Sijui siku hizi zikoje kwako na huna haja ya kunieleza. Ijumaa nakuja na gari. Ukitaka kuondoka msibani mapema, nipigie mlio tu." Hakuna Mungu amlaze, hakuna mahali pema. Kuna gari. Alisema ujumbe ule aliusoma mara nyingi kuliko salamu zote za maaskofu.

Kuna swali moja ambalo sharti mliulize kimyakimya, mkiwa viongozi: aliyekuwa anapiga amekufa, je, nyumba ile imebaki na mpigaji mwingine, na watoto ambao bado wanasikiliza kikohozi? Hilo si la rambirambi tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuteswa, ofisa ustawi wa jamii yupo, na simu ya watoto ni 116, bila malipo. Unafuu wa mkubwa usitufanye tuwasahau wadogo.

Turudi kwa fundi wetu. Hasira yake haikuja msibani. Ilikuja wiki ya tatu, matanga yameshaanuliwa, vikundi vyote tumerudi makwetu na sahani zetu tumehesabu. Aliporudi kazini, kijana wake wa gereji akaangusha spana namba 17 ndani ya injini. Fundi akainua mkono. Hakumpiga. Lakini aliniambia, "Mama, nilipouinua, niliuona mkono wa mzee. Saa ileile, pete ileile." Akafunga gereji saa tano asubuhi, akanipigia mimi, yule yule niliyemwambia shhh. Alilia kwenye simu, na baada ya kulia akatukana kwa dakika kama 20. Nilimsikiliza. Nilikuwa nimejifunza.

Kwa hiyo wekeni kwenye madaftari yenu, kama mnavyoweka tarehe ya kurudisha viti: mfiwa wa namna hii apigiwe wiki ya tatu, apigiwe tena mwezi wa pili, wakati kihamba kinapogawanywa na majina ya zamani yanapoanza kutajwa. Na mjue mipaka yetu. Kukasirika, kulala sana, kuona nafuu, kujilaumu kwa nafuu hiyo, kumkumbuka mzee kwa uzuri Jumatatu na kwa ubaya Jumanne, hayo si ugonjwa. Akikosa usingizi usiku baada ya usiku, pombe ikiongezeka, akianza kusema afadhali naye afe, hapo usisubiri miezi, mpeleke siku hiyohiyo hospitali ya rufaa kwenye kitengo cha afya ya akili. Na kama msiba bado umemfunga asiweze kazi wala nyumba baada ya miezi 6, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unautambua msiba huo kuwa unahitaji tiba. Yule fundi hakufika huko. Alikuwa ana hasira, basi, na alikuwa na sababu.

Nimebakiza la msamaha, na mwenyekiti anaangalia saa, lakini hili ndilo lililonileta.

Jioni ya siku ya maziko, shangazi yake alimwita pembeni. "Mwanangu, msamehe baba yako apumzike. Usipomsamehe utabaki na laana, itafika kwa watoto wako." Shangazi hakuwa na ubaya. Amelelewa hivyo, tumelelewa hivyo. Lakini mimi nawauliza Wachagga wenzangu: tangu lini kwetu msamaha unadaiwa kutoka kwa aliyekosewa?

Isale mnalijua, liko kwenye mipaka ya vihamba vyetu vyote. Mtu akimkosea mwenzake anakata isale, analibeba kwa mikono yake, anakwenda nalo mpaka mlangoni kwa aliyekosewa. Anakiri. Na mwenye kuletewa isale huona vigumu kulikataa, kwa sababu mkosaji ameshainama. Nguvu yote ya lile jani iko kwenye safari yake, limetoka upande gani kwenda upande gani. Sasa sisi tunamchukua mtoto aliyepigwa kwa mkanda, ambaye hajaletewa isale na mtu yeyote, tunamwambia alikate yeye, alipeleke kaburini. Wazee wetu wasingetuelewa.

Na marehemu hawezi kuja tena na isale. Mlango ule umefungwa, na mfiwa anajua, ndicho anacholilia. Msimwambie umefunguka.

Lakini kuna watu walio hai ambao wana isale lao la kubeba, na hapa nitamaliza na kitu ambacho si mimi niliyekipanga wala kamati. Mwezi wa pili baada ya maziko, baba yake mdogo alishuka kutoka Kibosho, akapanda gari la Arusha, akauliza njia mpaka akaifikia gereji. Mzee wa miaka zaidi ya 70, amevaa koti lake la kanisani, ameshika isale limefungwa kwenye gazeti. Fundi alikuwa ameinama kwenye boneti. Mzee hakukaa. Alisema:

"Kati ya nyumba yangu na yenu kuna mstari mmoja wa isale. Nilikuwa nasikia. Ulipokuwa unalia, nilikuwa naongeza sauti ya redio. Sikuja kumwombea kaka yangu, hayo ni yake. Nimekuja kwa ajili ya redio."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, akalipokea. Alisema hakujua aseme nini, kwa hiyo alimvutia mzee kiti na kumtuma kijana akalete chai na maandazi. Wakanywa. Wakaongea habari za kahawa na bei ya mbolea. Jioni akampeleka stendi.

Isale liko juu ya kabati la spana, ndani ya gazeti lile lile. Hajamjibu. Baba mdogo anajua kwamba hajajibiwa, na Jumapili iliyofuata alimpigia simu kumwuliza tu kama mvua imefika Arusha.

Nimemaliza muda wangu, mwenyekiti. Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu zamani. Karibu, mama.